Karani wa Mizani Anapokosea: Mwongozo wa Kumrekebisha Mtumishi Kabla ya Barua ya Onyo

Kuanzia mwezi wa sita, alizeti inapovunwa, kiwanda tunachofanyia kazi hapa Kizota, Dodoma, hupokea Fuso kutoka Kongwa, Bahi na Chemba asubuhi mpaka jioni. Kila gunia linapandishwa kwenye mizani, karani anasoma kilo, anaziandika kwenye leja, na mwenye mzigo analipwa kwa hesabu hiyo hiyo. Kilo tano zikipotea kwenye kalamu, aidha mkulima ameibiwa bila mtu kukusudia, aidha kiwanda kimelipia mbegu ambazo hazipo.

Msimu uliopita mhasibu alinijia na leja mkononi akasema, "Dada, huyu mzee wa mizani atatuumiza. Stoo haifanani na vitabu wiki ya tatu sasa. Mwandikie barua." Mzee mwenyewe ni rika la baba yangu na yupo kiwandani tangu kabla sijaajiriwa. Mimi ndiye msimamizi wake. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye huitikia, "Marahaba, mwanangu."

Sikuandika barua, na sababu ni kosa nililowahi kufanya na kijana mmoja kwenye kazi yangu ya zamani. Kwa miezi minne nilikuwa nikimwambia kwa mafumbo: "Tujitahidi jamani," "Stoo inatuangusha." Nilidhani namstahi. Siku nilipompa barua ya onyo alishtuka kweli, kwa sababu hakujua hata siku moja kwamba maneno yale yalikuwa yake. Aliacha kazi baada ya wiki mbili, na mpaka leo sijui kama alikuwa ameshindwa kazi au alikuwa hajaelekezwa. Uvumilivu wa namna ile haumsaidii mtu. Unamchelewesha tu kujua.

Kwa hiyo nitaeleza hatua nilizopitia na mzee, kwa mpangilio ule ule, pamoja na pale mambo yalipokwama.

Hatua ya kwanza: pima kazi kabla ya kumsema mtu

"Anakosea sana" si taarifa ya kufanyia kazi. Anakosea wapi, mara ngapi, saa ngapi? Kama huna majibu, mazungumzo yatageuka kuwa ubishi wa neno lako na neno lake, na mkubwa kwa umri atanyamaza kwa heshima huku moyoni akikataa.

Tuna mizani mbili za jukwaa. Ya mashariki iko karibu na ukuta wa stoo, na anayeisimamia ni binti aliyeajiriwa mwaka juzi. Ya magharibi iko upande wa geti, kwa mzee. Kwanza nilihakikisha mizani zenyewe ni nzima: niliweka jiwe la kilo 20 kwenye kila moja, asubuhi na jioni, siku mbili. Zote zilisoma 20. Usiruke hatua hii kwa sababu mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Stika inaeleza hali ya siku ya ukaguzi, na magunia yanatupwa juu ya jukwaa kila siku.

Kisha niliwaambia makarani wote wawili, mbele ya kila mtu, kwamba kwa wiki moja magunia 10 kwa siku kutoka kila mizani yatapimwa upya ndani ya stoo. Niliwaambia kwa makusudi. Ukimchunguza mtu kwa kujificha halafu ukamletea matokeo, hatakusikia tena juu ya kilo. Atakuwa anafikiria mtego uliomwekea.

Jumatatu mpaka Jumamosi tulipima upya magunia 60 ya kila karani. Kosa tulilihesabu pale ambapo leja ilipishana na kipimo cha stoo kwa zaidi ya nusu kilo. Binti alikuwa na makosa mawili. Mzee alikuwa na 11.

Hapa ndipo watu wengi wanakimbilia kuandika barua, kwa sababu namba zimeshaonekana. Lakini kuna maswali mawili ya kuziuliza namba hizo kwanza.

Swali la kwanza: makosa yanaegemea upande gani? Katika 11 ya mzee, sita yalizidisha kilo na matano yalipunguza, na yalikuwa ya wenye mizigo mbalimbali. Kosa la kweli halina rafiki. Kama yote 11 yangezidisha, tena kwa dalali yule yule, hilo lisingekuwa suala la uwezo. Ungekuwa udanganyifu, na njia yake ni nyingine kabisa: unasimamisha haya yote, unatunza vielelezo, na unafuata utaratibu wa nidhamu tangu mwanzo. Usichanganye njia hizi mbili. Mwizi hapewi mafunzo ya kusoma mizani, na anayekosea bila kukusudia haitwi kwenye kikao cha wizi.

Swali la pili: yanatokea saa ngapi? Makosa tisa kati ya 11 yalikuwa ya baada ya saa tisa alasiri.

Hatua ya pili: badilisha kitu kimoja uone

Siku ya Jumatatu nilienda kusimama nyuma ya mzee saa kumi jioni. Jua la Dodoma saa hizo linakuja limelala kutoka magharibi, na kioo cha mizani yake kilikuwa kinalitazama uso kwa uso. Zile tarakimu nyekundu zilikuwa zimefifia mpaka kijistari kimoja kikipotea 8 inaonekana 6, na 6 inaonekana 5. Mzee alikuwa anaweka kiganja cha kushoto juu ya kioo kutengeneza kivuli, anainama, anasoma, anaita "sitini na tano!", kisha anatoa kipande cha boksi mfukoni na kuandika. Leja ilikuwa chini ya jiwe, pembeni, kurasa zikipigwa na upepo.

Nilitamani kusema hapo hapo kwamba tatizo ni jua. Ingekuwa rahisi kwangu na kwake. Lakini nilibadilisha makarani kwa siku mbili: binti akaenda magharibi, mzee mashariki, upimaji wa upya ukiendelea vile vile.

Binti, ambaye mhasibu alikuwa anamtolea mfano, alipata makosa manne katika magunia 20. Mzee, kivulini, alipata matatu katika 20. Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili. Jua lilikuwa la kwetu sisi viongozi, maana sisi ndio tuliopanga mizani pale. Lakini hayo matatu ya kivulini yalikuwa ya mzee mwenyewe, na nilipolinganisha vipande vya boksi na leja niliona yanatoka wapi: boksini kiliandikwa kipimo sahihi, leja ikaandikwa kingine, kwa sababu alikuwa anahamisha namba 40 kwa mpigo jioni akiwa amechoka.

Kama kazi yako haina mizani mbili, bado kuna kitu cha kubadilisha: zamu, kompyuta, mtaa wa mauzo, mtu anayefanya naye kazi. Badilisha kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu hutajua kipi kilichosaidia.

Hatua ya tatu: mazungumzo ya kwanza

Mahali na saa vina uzito kuliko tunavyodhani. Si ofisini mhasibu akisikiliza. Si kwenye mizani mbele ya wapagazi, maana ukimsahihisha mtu mzima pale, jioni habari imeshafika Nkuhungu. Wala si Ijumaa jioni, aende nayo nyumbani ikamkoseshe usingizi siku mbili. Nilichagua Jumanne saa moja asubuhi, kabla ya Fuso la kwanza, chini ya mwarobaini nyuma ya stoo, viti viwili, leja na vipande vya boksi mezani.

Namna ya kuanza ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kwetu huwezi kumkabili mkubwa wako na jambo la kazi bila salamu kamili: shikamoo, habari za nyumbani, habari za shamba, wajukuu hawajambo? Sioni sababu ya kuiacha. Hatari ni kuifanya salamu iwe maficho, mkaongea dakika 20 halafu jambo lenyewe ukalitupia mlangoni mkiagana. Mimi nilijiwekea mpaka: salamu ikiisha, sentensi inayofuata ndiyo yenyewe.

Nilimwambia hivi: "Mzee, nimekuita kwa ajili ya kazi ya mizani. Katika magunia 60 tuliyopima upya wiki ile ya kwanza, 11 yameandikwa tofauti. Kiwanda kinahitaji yasizidi matatu. Nataka tujue pamoja yanatoka wapi, tuyarekebishe."

Angalia kilichomo: kazi gani, kipimo cha sasa, kipimo kinachotakiwa, na nia. Hakuna "watu wanalalamika", maana atakaa anawaza ni nani. Hakuna "siku hizi umebadilika", maana hapo umemgusa yeye badala ya kazi. Na hakuna "labda pengine kidogo tu". Heshima ilikuwa kwenye kiti nilichompa, kwenye sauti na kwenye saa niliyochagua. Kwenye namba sikuipunguza.

Kisha nilinyamaza. Alikaa kimya muda mrefu, akichezea kipande cha boksi. Mwishowe akasema, "Mwanangu, miaka yote hii hakuna aliyeniambia matatu. Mimi najua tu kupima."

Jibu lile lilinifundisha kuliko leja. Kweli hakukuwa na kipimo popote, wala kwa maandishi wala kwa mdomo. Tulikuwa tunamhukumu kwa mstari ambao hatujauchora.

Nilimwomba anionyeshe anavyofanya, si anieleze. Akaonyesha: leja ni nzito, upepo wa mwezi wa saba unafunua kurasa, wapagazi wanamharakisha, kwa hiyo anaandika boksini. Nikamuuliza pia kama kuna jambo la nyumbani au la afya linalomsumbua, akasema hapana. Swali hilo uliza mara moja, na ukijibiwa hapana liache. Mtu ana haki ya kubaki na siri yake.

Sehemu ngumu ilikuwa kutenganisha mzigo wetu na wake. Nilisema: "Jua ni letu, tutaliondoa wiki hii. Boksi ni lako. Namba inatakiwa iandikwe mara moja tu, papo hapo, gunia likiwa bado juu ya jukwaa." Hakuipenda sehemu ya pili. Alisema ameandika boksini miaka yote. Sikubishana naye. Nilimfungulia mistari mitatu ambapo boksi lilisema 67 na leja ikasema 61, akaiangalia mwenyewe.

Hatua ya nne: timiza upande wako kwanza

Kabla hujaanza kumhesabia siku, ahadi zako ziwe zimetimia. Tulipigilia bati mbili juu ya kioo cha mizani ya magharibi na turubai upande wa jua. Tukanunua vitabu vidogo vya kurasa zenye namba na nakala ya kaboni, vinavyoshikika mkononi, ili leja kubwa ibaki ndani. Ilichukua siku tatu. Kama ingechukua wiki tatu, muda wake nao ungeanza baada ya wiki tatu.

Hatua ya tano: karatasi moja isiyo onyo

Watumishi wengi wakiona karatasi ya kusaini wanajua wanafukuzwa. Ndiyo maana nilimweleza kabla sijaandika: hii ni kumbukumbu ya tulichokubaliana, nakala moja yako, moja yangu, na haina adhabu ndani yake. Tuliiandika kwa mkono, kwa maneno yake pia:

"Kumbukumbu ya mazungumzo ya kazi, mizani ya magharibi. Tumekubaliana: (1) kila kipimo kiandikwe kwenye kitabu kidogo gunia likiwa juu ya jukwaa, boksi halitumiki tena, (2) katika magunia 60 yanayopimwa upya kwa wiki, yenye tofauti ya zaidi ya nusu kilo yasizidi 3, (3) kitabu kifike kwa mhasibu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kiwanda kimeweka kivuli na kitabu. Tutapitia kila Jumamosi saa sita mchana kwa wiki nne. Wapagazi wakimharakisha, karani ana ruhusa ya kusimamisha upimaji."

Mstari wa mwisho aliutaka yeye, na ulisaidia kuliko yote. Mambo matatu yanatosha. Nimeona karatasi zenye mambo 12, na mtu hajui aanze na lipi.

Wiki nne niliziweka kwa sababu kazi ya mizani inajirudia mara nyingi kwa siku, kwa hiyo badiliko linaonekana haraka. Kwa mtu anayefunga hesabu mara moja kwa mwezi, wiki nne ni jaribio moja tu. Huyo mpe miezi mitatu.

Hatua ya sita: dakika kumi kila Jumamosi

Hapa ndipo wasimamizi wengi tunapoanguka, maana wiki ya pili Fuso zinajaa getini na kikao kinaahirishwa. Ukiahirisha mara mbili, umemwambia kwamba halikuwa jambo kubwa.

Wiki ya kwanza makosa yalikuwa saba na kitabu kilichelewa siku nne. Nilimkuta bado ana boksi mfukoni. Nilimwambia tu, "Mzee, tulikubaliana boksi lisitumike," akalitoa akanipa. Wiki ya pili yalikuwa matatu. Nilimwambia wazi kwamba amefika kwenye kipimo, kwa namba ile ile niliyomwonyesha alipokosa. Ukitaja namba kwenye lawama na kutoa "hongera" tupu kwenye mafanikio, mtu hatajua kipi kimefanya kazi.

Wiki ya tatu yalipanda mpaka matano. Mhasibu akasema, "Si nilikwambia." Nilipoangalia siku, manne yalikuwa ya Alhamisi na Ijumaa, siku mbili baada ya kurudi kutoka kwenye msiba Mpwapwa. Wiki moja mbaya ndani ya mwelekeo mzuri haifuti mwelekeo. Ila sikujifanya sikuona. Niliyaandika matano kama yalivyo, na msiba pembeni yake. Wiki ya nne yalikuwa mawili.

Kitabu, hata hivyo, kiliendelea kuchelewa: siku tatu wiki ya pili, mbili ya tatu, mbili ya nne. Tuliongeza wiki mbili kwa jambo hilo peke yake, na tukagundua anamsubiri dereva wa mwisho aliyefika baada ya geti kufungwa. Tulihamisha mizigo ya baada ya saa kumi na moja kwenda kesho yake. Mzee bado si mwepesi kama binti, na sidhani atakuwa. Wepesi haukuwa kwenye karatasi.

Kama haibadiliki

Dalili si kosa kurudi. Dalili ni kosa lile lile kurudi kwa sababu ile ile ambayo tayari imeondolewa, au vikao vya Jumamosi kuanza kuwa na maelezo mapya kila wiki. Hapo fanya kikao cha pili, umwambie bila kuzunguka kwamba muda wa kurekebisha una mwisho, tarehe fulani, na baada yake jambo litaingia kwenye utaratibu rasmi. Mpe nafasi ya kuja na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua uwezo na mwenendo kama sababu mbili tofauti za kumwachisha mtu kazi, na Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinadai mwajiri aweze kujibu mambo yale yale tuliyopitia: je, palikuwa na kiwango, kilikuwa cha haki, mtumishi alikijua, kwa nini alishindwa, na alipewa muda wa kutosha na maelekezo ya kurekebisha? Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mtu atakayeulizwa ni wewe, na karatasi za Jumamosi ndizo zitakazojibu. Watumishi wa umma wana taratibu zao, kwa hiyo aliye kwenye ofisi za serikali kule Mtumba aanze kwa afisa utumishi wake.

Jambo moja usifanye hata ukiwa na hasira: kumkata mshahara kufidia kilo zilizopotea kwa uamuzi wako. Sheria ina masharti ya makato ya hasara, likiwemo la mtumishi kukubali kwa maandishi, na amri ya mdomo ya msimamizi haimo.

Pia kubali kwamba wengine hawatafika. Kama macho yangekuwa ndiyo tatizo na miwani haitoshi, ningemtafutia mzee nafasi ya kupanga magunia ya mashudu au geti kabla ya kufikiria kuagana naye. Hilo nalo husemwa kwenye kiti kile kile, chini ya mti ule ule.

Kwa mzee haikufika huko. Jumamosi ya wiki ya sita tuliandika chini ya karatasi, "Imefungwa," tarehe, sahihi mbili. Nilipomuuliza kama kuna kinachobaki, aliomba bati la tatu, maana mwezi wa tisa jua linaingia kwa pembeni.